Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TCRA: Ankara za Intaneti Zioneshe Hesabu ya Siku

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Nina duka la stesheneri na huduma za kompyuta hapa mjini Bariadi. Msimu wa pamba ukifika, makarani wa AMCOS hujaa dukani kuchapa na kutuma taarifa, na intaneti huzidiwa. Ndiyo maana tarehe 20 Julai nilihama kutoka kifurushi cha Sh. 60,000 kwa mwezi kwenda cha Sh. 105,000, bei zote zikiwa na VAT ndani. Ankara ya Agosti ilikuja Sh. 122,419.35. Juu ya bei ya kifurushi palikuwa na mstari mmoja tu: "Marekebisho 17,419.35".

Nilikaa na kikokotoo nikagundua kwamba kiasi hicho ni sahihi. Kifurushi cha zamani nilikilipia mwezi mzima tarehe 1 Julai. Nilipohama zilibaki siku 12 kati ya 31, ukihesabu na ile ya 20. Kwa siku hizo nilistahili kurudishiwa 60,000 × 12 ÷ 31, yaani Sh. 23,225.81. Kwa siku hizohizo nilidaiwa kifurushi kipya, 105,000 × 12 ÷ 31, yaani Sh. 40,645.16. Tofauti ni Sh. 17,419.35. Ikaongezwa kwenye Sh. 105,000 za Agosti, ambazo hulipwa mwanzoni mwa mwezi. Senti zimetokana na kugawa kwa 31, na mwezi wa Septemba ankara itarudi Sh. 105,000 kamili.

Lakini mstari ule mmoja ungeweza kuficha kosa. Mtoa huduma akisahau kurudisha fedha za kifurushi cha zamani, ankara hufika Sh. 145,645.16, na mteja huwa amelipia siku 12 mara mbili. Akigawa kwa 30 katika mwezi wa siku 31, tofauti huwa Sh. 18,000. Siku ya kuhama nayo ikitozwa kwenye vifurushi vyote viwili, mteja hupoteza takriban Sh. 1,935. Kwa mwenye duka dogo anayeona jumla peke yake, makosa haya yote yanafanana na bei halali.

Nakuomba, Ndugu Mkurugenzi Mkuu, uwaelekeze watoa huduma kwamba kila ankara inayofuata mabadiliko ya kifurushi ioneshe mambo manne: tarehe ya kuhama, idadi ya siku zilizohesabiwa, fedha zilizorudishwa kwa kifurushi cha zamani, na fedha zilizotozwa kwa kipya. Mteja aelezwe pia kiasi cha ankara ijayo kabla hajathibitisha kuhama. Mifumo yao tayari hufanya hesabu hii ili kupata jumla. Kinachokosekana ni kuichapa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mfanyabiashara, Bariadi, Simiyu