Umemuona mfanyakazi mwenzako kwenye Tinder? Usimfuate WhatsApp

Vijana wenzetu, hii stori tumeibishania sana nyuma ya ofisi, leo tumeona tuiandike. Hapa Kakuma ukifungua Tinder huoni watu wageni. Unamuona yule dada wa kutafsiri kliniki, mwalimu wa mdogo wako, binti wa bloku ya jirani. Simu inakuambia yuko kilomita chache tu, na kambini nani hayuko kilomita chache?

Mwenzetu mmoja wa kazi ya usafi alimuona hivyo mkalimani ambaye wanafanya naye kazi. Akasukuma picha kulia, yaani amempenda. Siku mbili kimya. Ya tatu akatoa namba ya dada kwenye grupu ya kazi, akamwandikia WhatsApp usiku: "Kumbe na wewe uko kule! Nimekuona." Dada hakujibu. Asubuhi alipita bila salamu, na wiki iliyofuata akaomba abadilishiwe zamu. Mwenzetu analalamika kwamba hakumtukana. Ni kweli, hakumtukana. Lakini sisi tunaona alikosea.

Tinder iko hivi: ukimpenda mtu, yeye kama halipii haonyeshwi ni nani amempenda. Kwa kawaida mazungumzo yanafunguka kama wote wawili mmependana. Kwa hiyo unaweza kukataliwa leo, na kesho mkakutana kwenye bomba la maji bila mtu kuona aibu. Ukimfuata WhatsApp unaharibu hiyo nafasi. Unamlazimisha ajibu kitu ambacho alikuwa na haki ya kukinyamazia. Tena anaanza kujiuliza umeshamwambia nani, umepiga skrinishoti au hapana, na itafika lini kwa wazazi na kanisani. Sisi wavulana tukionekana huko watu wanacheka tu. Dada zetu wanasemwa mwaka mzima. Ndiyo maana hata Super Like tunasema usimtumie mtu wa kazini, juu yenyewe inamwonyesha ni wewe.

Halafu kuona picha yake si ushahidi kwamba anatafuta mtu. Kufuta programu kwenye simu hakufuti akaunti, kwa hiyo inaweza kuwa ya zamani. Au mtu ameiba picha yake. Ukiona sura ni yake lakini jina na maneno si yake, hapo tu ndipo umwambie, ana kwa ana, mkiwa wawili: "Dada, kuna akaunti ya Tinder inatumia picha yako na jina lingine. Nimeona ni vizuri ujue." Halafu unyamaze. Usitumie nafasi hiyo kujipendekeza.

Sasa, kama mmependana wote wawili, mwandikie palepale ndani ya Tinder. Sisi tungeandika hivi: "Habari dada. Ni mimi wa usafi, tunakutana kwenye mkutano wa Jumanne. Nimefurahi kukuona huku. Ukipenda tuongee, niko. Usipopenda hakuna shida, kazini tutasalimiana kama kawaida, na hii sitamwambia mtu." Umejitambulisha, hujajifanya humjui. Umemwachia njia ya kutoka, na umemwambia siri yake iko salama. Meseji ni moja. Asipojibu, usitume alama ya kuuliza, usimwambie "naona uko hewani". Jumanne msalimie kama ulivyomsalimia Jumanne iliyopita. Akiona hujabadilika, ataamini ulichoandika.

Kuna mtu mmoja ambaye hatakiwi kuandika kabisa, hata kama wamependana: yule mwenye cheo juu ya mwenzake. Kama wewe ndiye unapanga zamu, au unaandika majina ya watakaopata sabuni, atakujibu vizuri kwa kuogopa na wewe utafikiri ni mapenzi. Kanuni za mashirika ya misaada, zilizorekebishwa 2019, zinakataza mtoa msaada kutumia cheo chake kupata uhusiano wa kingono na mpokeaji wa msaada. Wengi wetu wa kujitolea tulisaini karatasi za namna hiyo siku ya kwanza. Tuzisome tena.

Na wewe ambaye hutaki kuonwa na watu wa kazini, ingia kwenye mipangilio ya Tinder, tafuta Block Contacts, uweke namba zao. Hamtaonyeshana, ila mwenzako awe amejiandikisha kwa namba hiyohiyo uliyoweka.

Mwenzetu wa usafi mwishowe alimwambia dada, mchana, mlangoni kwa kliniki: "Nilikosea kukuandikia ile usiku. Samahani, haitarudia." Hakungoja jibu, akaenda zake. Sasa wanasalimiana. Mengine hatujui, na si lazima tuyajue.