Msaada umepungua, wateja wamebadilika: fundi cherehani wa Nakivale achague kazi gani?

Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilitangaza kwamba limelazimika kusitisha msaada wa chakula kwa wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda kwa sababu ya ukosefu wa fedha. Kabla ya hapo, tangu 2023, kaya zilikuwa tayari zimegawanywa katika makundi kulingana na hali zao, na wengi wakaona mgao wao ukipungua. Habari hizo zilizungumzwa sana kwa upande wa chakula. Lakini zinamgusa pia mtu aliyeketi nyuma ya cherehani sokoni, kwa sababu pesa za msaada ndizo zilizokuwa zikilipia sehemu ya kazi zake.

Familia ikipungukiwa, haianzi kwa kuacha kuvaa. Inaanza kwa kuacha kushonesha nguo mpya. Suruali ya shule iliyokatika zipu, ambayo zamani ingewekwa kando, sasa inaletwa kwa fundi. Nguo ya mtumba iliyonunuliwa kwa bei ndogo inaletwa ipunguzwe kiuno. Kazi bado ipo, ila imegawanyika vipande vidogo vidogo. Mafundi wengi wanazidharau kazi hizo kwa kuwa malipo ya kila moja ni madogo, nao wanaendelea kusubiri mteja wa gauni la kitenge. Hesabu inaonyesha kwamba kusubiri huko kunawagharimu.

Kosa liko kwenye kipimo. Fundi hutazama bei ya kazi, badala ya kutazama kiasi kinachobaki mkononi kwa kila saa aliyoitumia. Tuchukue mfano wa fundi mwenye cherehani moja ya kanyagio anayefanya kazi saa sita kwa siku. Bei hizi ni za mfano tu. Kila mmoja aweke za soko lake.

Gauni la kitenge mteja analeta kitambaa, ufundi ni shilingi 20,000. Uzi na vitu vidogo vinakula 1,500, zinabaki 18,500. Kupima na kukata ni saa moja, kushona ni saa tatu na nusu, na kujaribisha na kurekebisha ni saa moja na nusu. Jumla ni saa sita, yaani kama shilingi 3,100 kwa saa. Na hapo ni pale mteja anapolipa zote. Akibakisha 5,000 ambazo hazirudi, fundi amefanya kazi kwa 2,250 kwa saa.

Sasa tazama kupinda suruali ndefu. Bei ni 2,000, uzi ni 100, muda ni dakika 20. Hiyo ni 5,700 kwa saa. Kubadilisha zipu nzima kwa 4,000, ukitoa zipu na uzi wa 1,200, kunaacha 2,800 kwa dakika 35, karibu 4,800 kwa saa. Tena mteja wa kazi ndogo hulipa anapochukua nguo, hata kama amekuja na noti moja tu mfukoni.

Kazi yenye faida kuliko zote mara nyingi haihitaji hata kushona. Zipu nyingi zinazoletwa kama zimekufa hazijafa. Kilicholegea ni kichwa chake tu. Namna ya kujua ni rahisi. Vuta kichwa hadi juu, kisha angalia nyuma yake. Kama meno yote yapo lakini yanaachana baada ya kichwa kupita, kichwa ndicho kimelegea. Kama kuna jino lililong'oka, au kitambaa cha zipu kimechanika, zipu nzima ibadilishwe. Kichwa kilicholegea kinaweza kubanwa kidogo kwa koleo pande zote mbili, lakini usikaze kwa nguvu, kitavunjika. Mwambie mteja kwamba dawa hiyo si ya kudumu. Kinachodumu ni kuweka kichwa kipya cha saizi ileile. Kwa bei ya 1,500 na kichwa cha 300, dakika nane zinaacha 1,200.

Je, basi fundi aache magauni? Hapana, na hapa ndipo hesabu ya saa peke yake inapoweza kumdanganya mtu. Dakika nane za kichwa cha zipu ni tamu, lakini huwezi kupata wateja 40 wa aina hiyo kwa siku. Tuseme siku ya kawaida inaleta suruali tatu za kupinda, zipu mbili za kubadilisha na vichwa viwili. Fundi anabakiwa na 13,700, na ametumia chini kidogo ya saa mbili na nusu. Saa tatu na nusu zilizosalia hazina mteja wa kiraka. Hizo ndizo saa za gauni. Gauni lililoanza leo linamalizika kesho, na fundi hajapoteza chochote, mradi amechukua nusu ya malipo kabla ya kukata kitambaa.

Kwa hiyo kazi ndogo zitangulie, kubwa zijaze nafasi. Ili mpango huu ufanye kazi, usiruke kutoka gauni kwenda suruali kila mteja anapofika. Kubadilisha uzi wa juu na wa bobini, na labda sindano, kunakula dakika kadhaa kila mara, na dakika hizo ndizo faida yenyewe. Pokea nguo asubuhi, zipange kwa rangi ya uzi, shona nyeusi zote, kisha buluu, kisha nyeupe. Jinzi ziwekwe pamoja mwisho kwa sindano namba 16 au 18, kwani namba 14 huvunjika kwenye upindo mnene. Mteja aambiwe arudi saa kumi.

Kazi ndogo nazo zina mipaka yake. Kiuno cha suruali hupunguzwa vizuri kwa mshono wa nyuma hadi kama sentimita tano. Ukizidisha, mifuko ya nyuma inakaribiana na mishono ya pembeni inakaa vibaya, hivyo inabidi ufumue kote. Hiyo ni kazi ya saa moja na zaidi, na fundi anayeipokea kwa bei ya kupinda anajila mwenyewe. Pima kwanza, taja bei baadaye.

Mahitaji pia hubadilika kwa majira. Kabla ya shule kufunguliwa mwanzoni mwa Februari, sare hutangulia, na mashati kumi yaliyokatwa kwa mara moja hutumia muda mdogo kuliko kumi yaliyokatwa moja moja. Baada ya mavuno, wenyeji wa Isingiro wanaouza ndizi, mahindi na maharage huwa na pesa, na arusi huongezeka. Wakati huo mteja wa gauni anaweza kulipa taslimu, na inafaa kumpa saa nyingi zaidi.

Kwa wiki mbili andika kwenye daftari kazi ya kila siku: ulianza saa ngapi, ulimaliza saa ngapi, ulilipwa kiasi gani mkononi, na vifaa viligharimu kiasi gani. Toa gharama, gawanya kwa saa. Ukiona kazi fulani inashika nafasi ya mwisho wiki zote mbili, pandisha bei yake, au ifanye tu pale ambapo hakuna nyingine mezani.