Kivungulio cha Kwanza: Hesabu Ianzie Udongoni

Kwa zaidi ya miaka kumi sasa, kivungulio cha nyanya kimekuwa zawadi inayopendwa na wanaotaka kuonekana wakiwasaidia vijana wa Kenya. Kaunti kadhaa zimegawa, mashirika yamefadhili, na vikundi vimekopa ili kujijengea. Ukipita vijijini leo utaona mengi ya majengo hayo: karatasi imechanika na inapigwa na upepo, na ndani kumeota mahindi au magugu. Watu husema vijana ni wavivu. Mimi naona kosa lilifanyika kabla mche wa kwanza haujapandwa, kwenye hesabu waliyoonyeshwa.

Hesabu hiyo huwa hivi: kivungulio cha mita 8 kwa 15, miche 500, kila mche kilo 15. Hizo ni kilo 7,500. Kwa shilingi 50 kilo moja, ni shilingi 375,000 kwa msimu, na mkopo unalipika kwa zao la kwanza. Nani angekataa?

Tuchukue jengo lilo hilo tulipigie hesabu ya mtu anayeanza. Upana wa mita 8 unatosha matuta matano ya mita moja moja, pamoja na njia za nusu mita. Ukiacha nafasi mlangoni na mwisho wa banda, kila tuta linabaki na mita 14. Mistari miwili kwa tuta, miche ikiachana sentimita 40, inakupa miche 350. Kubana hadi 500 kunawezekana, lakini majani yatafunikana, hewa haitapita, na ukungu utapata makao.

Anayeanza na akapoteza asilimia 15 ya miche hana haja ya kuaibika. Baki na 300. Mche uliopogolewa vizuri, ukaachiwa shina moja na kufungwa kamba, unaweza kumpa mgeni wa kazi hii kilo tano hivi, kwa hiyo utavuna kilo 1,500. Toa kama 200 za nyanya zilizooza kitako kwa sababu maji yalikuja leo yakakosekana kesho, zilizopasuka, na zilizotobolewa na kantangaze, nondo aliyeingia nchini mwaka 2014 na ambaye hupenya popote wavu ulipochanika. Zinazouzika ni kilo 1,300, yaani shilingi 65,000. Mbegu chotara, samadi, mbolea, dawa, kamba na vibarua wa siku mbili tatu havitapungua shilingi 30,000. Mkononi kunabaki 35,000.

Kama banda la miti, karatasi, tangi na mabomba ya matone viligharimu shilingi 180,000, utahitaji mazao matano na zaidi kuzirudisha. Na zao moja si miezi mitatu kama wengi wanavyoambiwa. Miche hukaa kitaluni wiki nne, halafu huchukua takribani siku 75 kutoka kuhamishwa hadi nyanya ya kwanza kuiva, kisha unachuma miezi minne. Ukijumlisha na siku za kung'oa na kutayarisha upya, ni miezi minane. Mazao matano ni zaidi ya miaka mitatu, na muda huo karatasi inakaribia kubadilishwa na mchwa wameanza kula nguzo. Bado riba hatujaitaja.

Hata hivyo, hesabu hii ndogo si sababu ya kukataa kivungulio. Mtu anayepanga tarehe zake anaweza kuipandisha. Mwea na Loitokitok wakivuna kwa pamoja, bei huanguka na banda lako halina faida yoyote juu ya shamba la wazi. Faida yake huja masika, mvua inapoleta ukungu unaoangamiza nyanya za nje. Sia mbegu katikati ya Desemba, hamisha katikati ya Januari, uanze kuchuma mwisho wa Machi na uendelee hadi Julai. Kilo zilezile 1,300 kwa wastani wa shilingi 80 ni shilingi 104,000, na faida inakuwa 74,000. Lakini tarehe hiyo huwezi kuipata kila zao, kwa maana mzunguko wa miezi minane haulingani na mwaka.

Kinachovunja mpango wenyewe ni mnyauko wa bakteria. Mkulima wa shamba la wazi ukimpata, msimu ujao anakodi kipande kingine. Kivungulio hakihami. Tena ni nyumba yenye joto, yenye unyevu wa kudumu, na mwenyewe anapanda nyanya baada ya nyanya kwa sababu ndizo zitakazolipa deni. Vimelea hukaa udongoni miaka mingi na huingia mizizini kupitia vidonda, hasa vile vya minyoo fundo, kisha husafiri kwa maji, viatu na jembe.

Dalili yake huwachanganya wengi. Adhuhuri majani ya juu hulegea yakiwa bado ya kijani, jioni yanainuka, na mwenye banda anaongeza maji. Baada ya siku chache mche umekufa. Usisubiri: kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi, utazame dakika chache. Uzi mweupe kama maziwa ukiteremka, ni mnyauko. Hakuna dawa ya kunyunyizia itakayoponya mche huo, hata muuza dawa akikuapia. Ung'oe pamoja na udongo wa mizizi, uchome mbali.

Sasa rudi kwenye hesabu. Zao la tatu likipoteza nusu ya miche 300 kabla ya kuchuma, kilo zinazouzika ni kama 650. Kwa shilingi 50 ni 32,500, nazo zinakaribia kuishia kwenye gharama. Zao la nne litakuwa baya zaidi, na deni bado lipo. Vivungulio vingi vilivyoachwa vina historia hii.

Wanaosema vijana wapewe uyoga badala ya nyanya wana hoja. Mfuko wa uyoga ukishikwa na kuvu ya kijani unautoa nje, na mingine inabaki. Wiki tatu au nne utando unaenea, kisha unachuma mara tatu hivi ndani ya wiki sita, na hakuna udongo wa kuharibika. Lakini uyoga mbichi bila friji huharibika siku ya pili au ya tatu, na sokoni mama mboga wengi hawauchukui. Mahali pasipo na hoteli wala maduka makubwa, hasara imehamishwa tu kutoka shambani hadi sokoni.

Kwa hiyo nakubali kivungulio, kwa masharti. Kabla ya kujenga, uliza mahali hapo palipandwa nini. Kama ni viazi, bilinganya au pilipili, shuku. Kisha panda nyanya 30 za kawaida papo hapo, nje, miezi mitatu. Zikinyauka, hujapoteza 180,000. Zikipona, bado hakikisho si kamili, kwa hiyo nunua miche iliyobebeshwa kwenye shina linalostahimili mnyauko, au panda kwenye mifuko ya udongo uliochemshwa. Banda lianze nusu, mita 8 kwa 7, hadi zao la kwanza liishe.

Na kaunti au mfuko unaotoa mkopo usidai kulipwa kabla ya mwezi wa tano tangu kusia, wala usitoe pesa za karatasi na nguzo kabla ya kuona zile nyanya 30 zikiwa hai.