Kiti cha Maskati na Choo cha Munanila

Ndugu msomaji, ukichefuka upesi geuza ukurasa. Nataka kuzungumzia kuchamba. Katika riwaya zetu shujaa hula, hulia, huoa na hufa, lakini hata siku moja haendi chooni. Mimi ninayeota kuandika riwaya naanzia hapo hapo, maana kwetu Munanila ukoo mzima umegombana kwa ajili ya choo cha Bibi.

Bibi magoti yamekwisha. Akichuchumaa hainuki mpaka ashikwe mkono, na mtu mzima aliyezaa watoto wanane hapendi kushikwa mkono mahali pale. Ndipo Baba Mdogo aliyeko Maskati akapiga simu: atatuma kiti cha bideti, kile cha umeme, unabonyeza kitufe, kijibomba kinatokeza chini yako na maji ya uvuguvugu yanakuosha. Eti ndiyo maendeleo. Binamu yangu wa Kasulu naye akasema upuuzi mtupu, funga mpira kwenye bomba, mambo yamekwisha. Mimi nikasema shatafu. Nikaitwa msomi wa kidato cha nne.

Sasa nijibu kwa maandishi, maana kwa mdomo walinizidi sauti.

Nianze na kiti. Sikichukii. Kampuni ya TOTO ya Japani ilianza kuuza viti hivyo mwaka 1980, na kwa mtu ambaye mkono wake haufiki nyuma, au aliyepooza, ni msaada mkubwa. Lakini kiti hicho hakisimami peke yake. Kinafungwa juu ya choo cha kukalia, na sisi tuna choo cha kuchuchumaa. Kinataka umeme chooni, wenye waya wa ardhini na swichi ya kukata umeme ukivuja, la sivyo umemwekea bibi yako mtego. Na kinataka msukumo wa maji: vingi havifanyi kazi vizuri mpaka maji yawe yameshuka kutoka kimo cha mita 5 hivi. Umeme ukikatika, Bibi anabaki ameketi juu ya samani ya bei mbaya, na anaitisha kopo lile lile. Hapo ndipo wahenga waliposema, kuchamba kwingi kuondoka na mavi.

Halafu, Baba Mdogo, Bibi mikono yake mizima! Bado anachambua maharage kuliko sisi sote. Kilichomshinda ni magoti. Kwa hiyo dawa ni mahali pa kukaa. Seremala wa hapa kijijini anatengeneza kiti cha mbao chenye tundu na mikono miwili ya kushikia, unakiweka juu ya choo kilichopo, kazi ya siku moja.

Nije kwa mpira wa binamu. Ni rahisi kweli: mita 2 za mpira wa nusu inchi, koki, basi. Lakini mpira hauna kifunguo mwishoni. Lazima ugeuke ufungue koki ukutani, na baada ya kujiosha uifunge kwa mkono ule ule mchafu. Maji yetu ni ya mserereko, chanzo kipo mlimani kama mita 40 juu ya nyumba yetu, basi yanatoka kwa hasira, yanagonga na kurusha uchafu miguuni na ukutani. Ukimaliza mpira unauacha uanguke. Unaanguka wapi? Sakafuni, au ndani ya choo.

Na hapo ndipo hatari isiyoonekana. Binamu alicheka niliposema choo kinaweza kurudi bombani. Nikamwambia, haya, tujaribu. Tukachovya ncha ya mpira katika ndoo ya lita 20 iliyojaa maji safi, koki ikiwa wazi. Tukafunga koki kubwa inayoleta maji nyumbani, kama vile maji yamekatika. Kisha mdogo wangu akashuka kufungua bomba la uani, lililo chini ya choo. Maji yakaanza kushuka ndani ya ndoo! Vidole vinne vilipotea tukitazama, na maji ya ndoo yakawa yanatoka kule uani tunakoteka ya kunywa. Hakuna uchawi. Bomba la chini likifunguliwa, maji yanayoshuka yanavuta ya juu. Weka choo mahali pa ndoo, ndugu msomaji, halafu uniambie tumbo la kuhara la watoto linatoka wapi. Ukitaka kujua kama kwako inatokea, siku maji yakikatika fungua bomba la juu usikilize: likivuta hewa kwa mluzi, linaweza kuvuta na kingine.

Je, shatafu yangu ni malaika? La hasha. Ina kifyatuo mkononi, hivyo unafungua kidogo kidogo na unaitundika ukutani, juu ya choo, ncha haigusi uchafu. Lakini kifyatuo kikichakaa, au mtu akiiachia ndani ya choo huku amekibana, nayo inavuta. Kanuni za maji za Uingereza zinaihesabu katika daraja la 5, la hatari kubwa kuliko yote. Tena mpira wake mwembamba hauvumilii presha ya usiku, wakati kijiji kizima kimefunga mabomba. Ukiona umevimba kama nyoka aliyemeza panya, au kuna unyevu kwenye nati, ubadilishe kabla haujapasuka na kufurisha nyumba. Kila ukimaliza, funga ile koki ndogo ya ukutani.

Ndiyo maana nasema tuanze na tangi. Pipa la lita 200 juu ya jukwaa la miti, mita 3 kutoka chini. Maji ya mlimani yaingie kwa juu kupitia koki ya boya, mdomo wake ukae juu ya maji usiyaguse, na bomba la kumwagia ziada liwe chini ya mdomo huo. Pengo hilo la hewa ndilo linalokata njia: choo hakiwezi kuvuka hewa kwenda bombani. Na bomba linalotoka kwenye tangi liende chooni tu, lisigawie jiko.

Tumekwisha kulifunga, kwa pesa za kahawa. Shatafu shilingi 15,000, koki na kiungo 8,000, fundi 10,000. Pipa tulikuwa nalo, miti ni yetu. Presha ni ndogo, naam. Nimepima kwa chupa: lita 1 kwa sekunde 20. Bibi hutumia lita moja na nusu hivi, karibu sawa na kopo lake la zamani, na kifyatuo hakimsumbui kidole. Anajiosha kutoka mbele kwenda nyuma, ananawa mikono kwa sabuni, anatoka mwenyewe.

Wasio na bomba wasinunue chochote kati ya hivi. Kopo safi, maji na sabuni vinatosha, na asiwacheke mtu.

Juzi nilimsikia Bibi anajibu simu kutoka Maskati. "Mwanangu," alisema, "hizo pesa za kiti nitumie mabati. Jukwaa la pipa halina paa, na mimi sasa naingia chooni peke yangu hata mvua ikinyesha."