Kutoka Daftari Lililovurugika hadi Muhtasari wa Kudurusu

Likizo iingiapo, kina mama wengi hushuhudia jambo moja majumbani. Mwana huketi mezani na kalamu za rangi nne, akaanza kulinakili daftari zima upya kwa mwandiko wa kupendeza. Baada ya wiki mbili daftari hutamanisha kutazamwa, lakini mwenyewe akiulizwa swali hushikwa na kigugumizi. Mkono waweza kunakili ilhali akili imelala. Anachohitaji si nakala safi, bali muhtasari: karatasi moja kwa kila sura, inayomwonyesha kilichomo, kilipo, na kipi kianze.

Na tumchukue binti aliye kidato cha tatu, anayedurusu Biolojia ya kidato cha pili kwa ajili ya KCSE. Ana daftari moja kubwa, karatasi kadhaa zilizochomekwa ndani yake, na kurasa alizopiga picha kwa simu kutoka kwa mwenzake siku aliyokuwa mgonjwa. Asianze kwa kupanga upya wala kuchana kitu. Aanze kwa kutia nambari: kila ukurasa wa daftari upate nambari yake pembeni kwa penseli, na kila karatasi iliyolegea, pamoja na zile za kwenye simu baada ya kuzichapisha, ipate herufi yake. Kazi hii ya dakika chache ndiyo itakayomwepusha na kunakili, kwa kuwa muhtasari utataja nambari ya ukurasa badala ya kurudia maneno yake.

Hatua ya pili ni kutafuta sura. Asizitafute katika daftari, kwa sababu daftari hufuata siku za mwalimu, wala halifuati mpangilio wa somo. Azichukue katika yaliyomo ya kitabu cha kiada. Biolojia ya kidato cha pili ina sura nne: usafirishaji katika mimea na wanyama, ubadilishanaji wa gesi, upumuaji ndani ya seli, na utoaji wa takamwili pamoja na homeostasi, yaani namna mwili unavyodumisha hali yake ya ndani isibadilike ovyo. Kila sura ipewe karatasi yake, na vichwa vyake vidogo viandikwe kwa kuachiana nafasi. Kisha apitie daftari ukurasa baada ya ukurasa, na kila aya aiulize: wewe ni wa kichwa kipi? Nambari ya ukurasa iandikwe chini ya kichwa hicho.

Tuitazame sura ya nne. Vichwa vyake ni maana ya utoaji wa takamwili, takamwili za mimea, ngozi, figo, ini, na mwisho udhibiti wa joto, maji na sukari mwilini. Binti yetu anakuta kwamba habari za figo zimetawanyika: mwalimu alianza ukurasa wa 41, akaingilia ngozi ukurasa wa 43, akarejea kwenye figo ukurasa wa 47, na mchoro wa nefroni uko katika karatasi C. Chini ya kichwa cha figo anaandika tu: 41, 47, C. Chini ya ini hakuna nambari yoyote. Hilo nalo ni jawabu: somo la ini lilimpita, na pengo hilo lisingeonekana katika nakala ya rangi nne. Atalijaza kutoka kitabuni.

Mara tu kurasa za jambo moja zinapokutanishwa, migongano hujitokeza. Ukurasa wa 41 unasema glukosi imo katika maji yanayochujwa na figo. Ukurasa wa 47 unasema mkojo wa mtu mwenye afya hauna glukosi. Je, mojawapo ni kosa? La. Damu huingia katika fundo la vishipa vidogo kwa mshipa mpana na kutoka kwa mshipa mwembamba, hivyo shinikizo hupanda na kusukuma nje maji, chumvi, urea na glukosi. Chembe za damu na protini hubaki kwa sababu ya ukubwa wake. Maji hayo yapitapo katika mrija wa nefroni, glukosi yote hufyonzwa na kurudishwa katika damu. Kurasa zote mbili ni za kweli. Kila moja inaeleza hatua yake. Na glukosi ikionekana katika mkojo, huenda sukari ya damu imezidi kiasi ambacho mrija waweza kukirudisha, kama itokeavyo kwa mwenye kisukari. Hapo figo imeunganika na kichwa cha udhibiti wa sukari, na binti achore mshale kati ya vichwa hivyo viwili.

Chini ya kila kichwa aandike mistari mitatu au minne kwa maneno yake, bila kulitazama daftari, kisha alifungue na kusahihisha. Vichwa viwe maswali: badala ya «Figo», aandike «Mkojo hutengenezwa vipi?» Sura nzima itoshe katika pande mbili za karatasi. Ikizidi hapo, ameshaanza kunakili tena.

Sasa vipaumbele. Kila kichwa kipimwe kwa maswali mawili. La kwanza: je, huulizwa mara nyingi? Achukue mitihani ya miaka mitano iliyopita, na kila aonapo swali la kichwa fulani akitie kijistari. La pili: je, naweza kulieleza daftari likiwa limefungwa? Kinachoulizwa sana naye hakiwezi kipewe nambari 1. Kinachoulizwa sana naye anakiweza kipewe 2, akirudie baada ya wiki. Kinachoulizwa kwa nadra kipewe 3. Utengenezaji wa mkojo, kwa mfano, ni mfuatano wa hatua, na karatasi ya pili ya Biolojia ina swali la maelezo marefu la alama 20. Mwanafunzi asiyeweza kupanga hatua hizo kwa utaratibu ana sababu ya kukitia kichwa hicho nambari 1.

Kuna tahadhari mbili. Vichwa vyote vikipata nambari 1, hakuna kilichotangulizwa; visizidi thuluthi moja ya sura. Na vijistari vya mitihani iliyopita si utabiri. Nambari 3 maana yake ni «mwisho», wala si «acha». Kichwa ambacho hakikuulizwa miaka mitano chaweza kuulizwa mwaka huu.

Nafasi ya mama ni ipi, hata kama hakusoma Biolojia? Ashike karatasi ya muhtasari na kusoma swali moja la nambari 1. Binti ameandika kwa Kiingereza, lugha ya mtihani, lakini amweleze mama kwa Kiswahili. Aliyekariri bila kuelewa hukwama papo hapo, kwa kuwa maneno aliyoyahifadhi hayamfai tena. Mama naye aulize swali moja tu kila afikapo kwenye hatua mpya: «Kwa nini?» Binti akijibu mara mbili, katika siku mbili tofauti, nambari 1 ifutwe na kuandikwa 2. Ndiyo maana nambari hizo nazo ziandikwe kwa penseli.