Kadena moja kukosa, dola 7,500 kupotea: asiransi ya wizi iache kumuadhibu mwenye kuibiwa

BUKAVU – Wezi wanaiba mara moja. Lakini mfanyabiashara mwenye asiransi ya wizi anaweza kuibiwa mara mbili: mara ya kwanza usiku, na mara ya pili mchana, katika ofisi yenye meza safi, wakati anaonyeshwa mstari mmoja wa kontra ambao hakuna aliyemsomea siku ya kutia sahihi.

Mstari huo unahusu ulinzi. Karibu kila kontra ya asiransi ya wizi inao. Unasema mlango uwe wa chuma na ufungwe kwa kadena mbili, madirisha yawe na vyuma, sentinele awepo kila usiku, kengele ya hatari iwe inafanya kazi na iwashwe kila mara duka linapofungwa. Kisha kunafuata maneno machache: masharti haya yasipofuatwa, asiransi hailipi.

Hakuna mtu mwenye akili anayepinga kadena. Mwenye duka analifunga hata bila asiransi, kwani mali ni yake. Kinachopingwa hapa ni adhabu. Kosa dogo na kosa kubwa vinalipiwa bei moja, na bei hiyo ni kila kitu.

Chukueni mfano wa mama muuzaji wa vitenge. Duka lake lina mali ya dola 20,000, na kila mwaka analipa asiransi dola 300. Kontra inasema kwamba akiibiwa, dola 500 za kwanza ni mzigo wake mwenyewe. Inasema pia mlango wa mbele uwe na kadena mbili. Siku ya kwanza ya juma, moja inaharibika. Anasema atanunua nyingine siku ya soko. Usiku wa tatu mvua kubwa inanyesha. Wezi wanapitia kiwanja cha jirani, wanatoboa ukuta wa nyuma, wanabeba vitenge vya dola 8,000. Sentinele yuko mbele ya mlango, lakini mvua juu ya mabati haimruhusu kusikia kitu. Asubuhi mlango wa mbele unakutwa umefungwa vilevile. Hakuna aliyeugusa.

Mama anafanya kila kitu kama inavyotakiwa. Anaenda polisi, anapewa prosè-verbali. Anapeleka taarifa kwa asiransi ndani ya siku zilizoandikwa. Eksperi anatumwa. Anapiga picha ya tundu la ukutani, anahesabu fakitire, anaomba funguo zote za duka, anamuuliza sentinele. Kisha anazunguka mbele, anaona tundu mbili na kadena moja. Anaandika mstari mmoja katika ripoti. Mama aliyetegemea dola 7,500 anapata barua isiyo na hata dola moja.

Swali ni rahisi: kama kadena ya pili ingekuwepo, ukuta wa nyuma usingetobolewa? Kila mtu anajua jibu. Kadena hiyo haikuleta wezi na isingewazuia. Lakini ndiyo iliyookoa pesa za asiransi.

Watu wa asiransi wana jibu lao, na halipaswi kudharauliwa. Wanasema bei ya dola 300 ilihesabiwa kwa duka lenye kadena mbili, sentinele na vyuma. Wanasema wakiwalipa wazembe, wanaolipia uzembe huo ni wateja waangalifu. Wanasema pia kuna wenye maduka wanaoacha mlango wazi kwa makusudi, wakiwa wamekubaliana na wezi. Hayo yote yapo.

Lakini yanajibu swali lingine. Kama mlaghai ameshirikiana na wezi, ashitakiwe kwa ulaghai wake, na ushahidi utolewe. Na kama kosa la mteja limeongeza hatari kweli, bei ya ongezeko hilo inaweza kuhesabiwa. Hesabu hiyo si ngeni kwao. Katika sheria za asiransi za ukoo wa Kifaransa, ambao Kongo imo ndani yake, kuna kanuni ya zamani kwa mteja aliyetoa maelezo pungufu bila nia mbaya, na ukweli ukajulikana baada ya hasara. Hanyimwi yote. Malipo yake yanapunguzwa kulingana na pesa alizolipa na zile alizopaswa kulipa.

Basi wahesabu hivyo hapa pia. Tuseme kosa la mama lilikuwa kubwa zaidi: sentinele hakuwepo kabisa usiku ule, na kukosekana kwake kuliwasaidia wezi. Tuseme duka lisilo na sentinele lingelipishwa dola 400 kwa mwaka, si 300. Mama amelipa robo tatu ya bei ya kweli. Apewe robo tatu ya hasara: dola 6,000. Zikiondolewa zile 500 za kwanza, anabaki na dola 5,500. Anaumia, na uzembe wake anaulipa. Lakini watoto wanaendelea na masomo na duka linafunguliwa tena. Kati ya dola 7,500 na sifuri kuna nafasi kubwa ya haki, na kontra nyingi zinaikimbia.

Wengine wamekwisha kuona hilo. Uingereza, nchi ambayo sheria yake ya asiransi ilikuwa kali kwa wateja kwa zaidi ya miaka mia mbili, ilipitisha sheria mpya Februari 2015. Sheria hiyo inasema asiransi haiwezi kujificha nyuma ya sharti la ulinzi lililovunjwa, ikiwa mteja anaonyesha kwamba kulivunja hakukuweza kuongeza hatari ya hasara iliyotokea, kwa namna ilivyotokea. Mama wa vitenge angeshinda kwa picha moja ya ukuta wa nyuma. Mwezi uliofuata, Machi 2015, Kongo nayo ilipata sheria yake mpya ya asiransi, iliyoondoa soko mikononi mwa SONAS peke yake na kufungua mlango kwa mashirika mengine. Mashirika yamekuja, na mabango yao yanaonekana. Maandishi madogo yamebaki madogo.

Na kuna hila nyingine ambayo raia wengi hawaijui. Katika sheria za ukoo huo, neno lenye kumtoa mteja katika malipo linapaswa kuandikwa kwa herufi za kuonekana sana, na asiransi ndiyo yenye kuthibitisha kwamba linamhusu. Lakini jambo lilelile likiitwa sharti la kulipwa, mzigo unahamia kwa mteja. Yeye ndiye wa kuthibitisha kwamba kadena ilikuwepo, kwamba sentinele alikuwa macho, kwamba kengele iliwashwa. Kubadilisha jina tu kunabadilisha nani atoe ushahidi.

Tena masharti mengine yanaandikwa kama vile mwandishi hajawahi kulala usiku mmoja katika mji huu. Kengele ya hatari inategemea umeme. Umeme ukikatika, batiri inabeba saa chache, kisha kunakuwa kimya. Eksperi anaweza kufungua kumbukumbu ya mashine na kusoma saa ilipozimika. Mteja anaambiwa kengele haikuwa ikifanya kazi, utafikiri yeye ndiye aliyekata waya za SNEL. Na sentinele? Kontra nyingine zinataka atoke katika shirika la ulinzi lenye ruhusa, awe na kitabu cha zamu. Wenye maduka wengi wana baba mzee wa kartiye mwenye tochi na filimbi. Wakala aliyeuza asiransi alimwona mzee huyo, alimsalimia, na akaandika «ndiyo» mahali pa sentinele. Siku ya hasara, mzee hahesabiwi.

Wanaoumia zaidi ni waliokimbia. Vita vilipoingia Goma Januari 2025 na Bukavu Februari, maghala na maduka yaliporwa. Kwa uporaji wa vita, kontra za kawaida za wizi hazilipi, na hilo huandikwa waziwazi. Lakini mwizi wa kawaida hafuati tarehe za vita. Anakuja wiki sita baadaye, wakati risasi zimenyamaza na familia bado iko kambini au kwa ndugu. Anavunja nyumba tupu. Hapo asiransi inatoa mstari mwingine: nyumba ikikaa bila mtu zaidi ya siku 30, 60 ama 90, kulingana na kontra, wizi hauhesabiwi. Na sentinele pia hakuwepo. Naye alikimbia, kwani ana watoto kama watu wengine.

Sharti lililotungwa kwa ajili ya mtu aliyekwenda likizo linatumiwa juu ya mtu aliyebeba mtoto mgongoni na godoro kichwani. Na pesa aliyolipa kwa mwaka mzima inabaki kwao. Hapo pana aibu isiyofichika: kama asiransi imelala kwa miezi mitano, pesa ya miezi mitano ni ya nani?

Kinachodaiwa si sadaka. Ni mambo matatu. Sharti lililovunjwa bila uhusiano na wizi uliotokea lisimnyime mtu malipo. Lililovunjwa na likasaidia wezi lipunguze malipo kwa kadiri ya bei, lisiyafute. Na miezi ambayo asiransi imelala kwa sababu mtu amekimbia vita irudishwe kwa pesa, au isogezwe mwisho wa kontra. ARCA, mamlaka inayosimamia asiransi nchini, ipo kwa ajili ya kuyatazama mambo kama haya.

Wakati hayo yanangojewa, mwenye kontra aitoe leo chini ya godoro. Atafute ukurasa wenye maneno «mesures de protection» na «inoccupation», amwite kijana anayesoma Kifaransa vizuri, wapite mstari kwa mstari mbele ya mlango wenyewe: kadena ngapi, sentinele wa aina gani, siku ngapi nyumba inaweza kukaa tupu. Kisichowezekana, kama kengele ya saa zote katika kartiye isiyo na umeme, aandike barua kwa asiransi akisema haiwezekani na akiomba sharti libadilishwe. Nakala ya barua ipigwe muhuri wa kupokelewa. Aliyekimbia afanye vilevile kutoka alipo, aseme nyumba imebaki tupu tangu tarehe fulani na kwa sababu gani. Barua hiyo haimhakikishii malipo. Lakini siku eksperi atakapokuja kuhesabu tundu za kadena, ofisi haitaweza kusema ilikuwa haijui.

Na wakala anayeandika «ndiyo» bila kuuliza ajue jambo moja: mteja aliyelipwa haki yake anasimulia sokoni, na aliyenyimwa kwa ajili ya kadena anasimulia zaidi.