Asilimia ya CV inategemea nani anahesabu

Naomba niseme jambo kuhusu asilimia zinazoonyesha CV inalingana kiasi gani na tangazo la kazi. Chukueni tangazo la mhasibu lenye sifa 10, na mwombaji mwenye 7. Hana CPA, hajasimamia mishahara, na badala ya QuickBooks ametumia Tally. Ukihesabu kila sifa sawa, anapata 70%. Lakini CPA ni sharti, kwa hiyo mwingine ataipa uzito wa 3. Jumla inakuwa 12, naye anashuka hadi 58%. Wa tatu atasema anayeijua Tally hujifunza QuickBooks haraka, ampe nusu alama: karibu 63%. Mtu ni yuleyule, CV ni ileile!

Programu inayotafuta maneno tu haioni hata huo ukaribu wa Tally na QuickBooks. Tena inaweza kumpa alama nzuri aliyenakili maneno ya tangazo bila kuifanya kazi yenyewe.

Kwangu mimi, 58 na 63 ni kitu kimoja. Ndugu waombaji, kabla ya kuhesabu, tenganisheni masharti ya lazima na yale ya nyongeza. Ukikosa la lazima, hata 90% inaweza isikufikishe kwenye usaili.